Dodoso Limejazwa, Sasa Waraka wa Majibu

Wiki ya dodoso huwa na pilikapilika kiwandani. Sanduku linawekwa kantini, wasimamizi wanapita wakihimiza, meneja anasimama kwenye mkutano na kusema kila mtu aandike ukweli wake bila woga. Karatasi zinakusanywa, na baada ya hapo hakuna anayejua zimekwenda wapi. Mwaka unaofuata linakuja dodoso jingine. Mpakiaji wa mizigo aliyeandika mara ya kwanza kwamba vyoo vya zamu ya usiku havina maji analitazama, analikunja na kulitia mfukoni.

Kati ya madodoso hayo mawili kuna karatasi iliyokosekana. Ni waraka wa majibu, ukurasa mmoja au miwili, unaowaambia waliojaza walichosema kwa jumla, kitakachobadilika, lini, na kipi hakitabadilika. Wengi hudhani kazi kubwa ni kutunga maswali. Mimi naona kazi kubwa iko kwenye huo ukurasa, na ndiyo maana nataka tuufuate hatua kwa hatua kwa kiwanda cha mfano. Nimekitunga, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi za zamu Vingunguti au Chang'ombe atayatambua mambo yake. Kinatengeneza sabuni na kina wafanyakazi 240: 150 wako uzalishaji, 34 bohari, 20 ni madereva na wasaidizi wao, na 36 wako ofisini. Dodoso lake lilikuwa na maswali 20, na chini kabisa mistari mitupu ya kuandika lolote.

Wazo la kumshirikisha mfanyakazi si geni kwetu. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ndio uliounda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma ya Tanzania, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza. Lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri, na uamuzi ulibaki kwa menejimenti. Dodoso la leo lina udhaifu huohuo: linauliza bila kumlazimisha anayeuliza ajibu. Waraka ndiyo nafasi yake ya kujilazimisha mwenyewe mbele ya watu.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu waliojibu, na kuhesabu vizuri. Katika kiwanda chetu zilirudi karatasi 168 kati ya 240, yaani asilimia 70. Ni idadi ya kuridhisha, na meneja angependa kuishia hapo. Ukizigawa kwa idara unaona kitu kingine. Ofisini walijibu 30 kati ya 36, asilimia 83. Uzalishaji walijibu 98 kati ya 150, asilimia 65. Watu 52 wa uzalishaji hawakujibu, na kabla ya kuwaita wavivu au wakaidi inafaa kuuliza sanduku lilikaa wapi. Lilikaa kantini, na kantini hufungwa saa 2 usiku. Zamu ya tatu huingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi, kwa hiyo walioshika zamu hiyo wiki nzima hawakuliona. Jambo hili liandikwe kwenye waraka, kwa sababu wa zamu ya usiku wanalijua tayari na watapima ukweli wa ukurasa mzima kwa sentensi hiyo moja.

Kisha kuna kusoma majibu. Maswali ya aina hii huwa na ngazi tano, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa, na katikati kuna sina uhakika. Mpangilio huo ulienezwa na Mmarekani Rensis Likert kupitia kazi aliyoichapisha mwaka 1932, na mpaka leo haujapata mshindani wa maana. Hatari yake iko pale katikati. Chukua kauli hii ya kiwanda chetu: "Naelewa jinsi malipo yangu ya saa za ziada yanavyokokotolewa." Waliokubali ni 42, waliosema hawana uhakika ni 40, waliokataa ni 86. Anayetaka habari njema atajumlisha makundi mawili ya kwanza na kuandika kwamba karibu nusu ya wafanyakazi hawana tatizo na malipo. Lakini mtu asiye na uhakika na hesabu ya mshahara wake ana tatizo. Habari yenyewe ni kwamba mmoja tu kati ya wanne anaelewa.

Mtego mwingine ni kuchanganya wasiohusika. Kauli ya kwamba "Naijua zamu yangu mapema vya kutosha kupanga mambo ya nyumbani" ilikubaliwa na watu 52, asilimia 31. Lakini 27 kati ya hao ni wa ofisini, ambao huingia saa 2 asubuhi kila siku na hawana zamu. Ukiwatoa, wanabaki 25 kati ya 138, asilimia 18. Uzalishaji peke yake ni 14 kati ya 98. Tatizo lililoonekana la kawaida limegeuka kuwa tatizo kubwa kuliko yote kiwandani, na limegeuka kwa kuondoa watu 30 tu kwenye hesabu. Ndiyo maana simwamini mtu anayenipa wastani wa kiwanda kizima bila kunionyesha idara.

Kuonyesha idara nako kuna mpaka. Mfanyakazi aliambiwa jina lake halitajulikana, na ahadi hiyo inaweza kuvunjwa bila jina kutajwa popote. Maabara ya ubora, iliyo chini ya uzalishaji, ina watu 4. Ukitoa matokeo yao peke yao, mkuu wa maabara atajua nani kasema nini kabla hajamaliza chai yake. Kawaida iliyozoeleka ni kutotoa matokeo ya kundi lenye majibu chini ya 5, na wengine huweka 10. Watu wengi wa utumishi wanaijua kanuni hiyo, ila husahau kutoa. Ukichapisha matokeo ya uzalishaji wote, watu 98, na pembeni ukachapisha ya mstari wa kumimina, wa kukata na wa kufungasha, mtu yeyote mwenye kalamu atatoa hayo kwenye jumla na kubakiwa na maabara. Dawa ni kuunganisha: maabara ihesabiwe pamoja na wafungashaji, na isionekane popote ikiwa peke yake.

Maoni ya kuandika kwa mkono ni hatari zaidi, na hapa naomba msimamo mkali. Usinukuu neno kwa neno. Mtu akiandika "mimi niliyerudi kutoka likizo ya uzazi mwezi wa tatu nikakuta nimehamishiwa usiku", amejitaja. Hata mwandiko hutaja, na hata namna ya kuzungumza ya mtu mmoja wa bohari anayejulikana kwa misemo yake. Yasomwe na watu wawili wasio wakuu wa idara, yapangwe kwa mada, na waraka useme mada na idadi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na maelezo yanayomtambulisha mtu yanaingia humo hata yakiwa yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kantini. Wanaotumia simu nao waangalie: fomu ya Google Forms inaweza kuwekwa ikusanye anwani za barua pepe, na mfanyakazi akiiona anwani yake imetokea juu ya fomu atajibu kama anayehojiwa na polisi.

Baada ya hesabu unakuja uchaguzi wa kitakachoahidiwa. Dodoso la maswali 20 huzaa malalamiko kama 15 yenye uzito, na menejimenti yenye nia njema hutaka kuyajibu yote. Matokeo yake ni jedwali refu la mipango ambalo hakuna anayelikumbuka baada ya mwezi, hata aliyeliandika. Chagua mambo matatu. Yapitishe kwenye maswali machache ya kawaida: je, limetajwa na wengi, hasa wale wasio na sauti? Je, liko mikononi mwa kiwanda chenyewe, bila kusubiri bodi wala wafadhili? Na je, mfagiaji au dereva anaweza kuona kwa macho yake kwamba limefanyika, bila kuambiwa na mtu?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloangusha ahadi nyingi. "Tutaboresha mawasiliano" haionekani. Hakuna siku ambayo mtu ataingia getini na kusema, leo mawasiliano yameboreka. Lakini ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani Alhamisi saa 10 alasiri, au haipo au ipo. Ukitaka kuipima ahadi, jiulize mtu angekuja kukuambia nini siku ukiivunja. Kama huwezi kumsikia akilini mwako, ahadi hiyo bado ni hewa.

Katika kiwanda chetu yalichaguliwa ratiba ya zamu, hati ya mshahara, na kantini ya usiku. Hati ya mshahara inastahili maelezo, kwa sababu inaonyesha jinsi lalamiko linaloonekana la fedha linavyoweza kuwa lalamiko la karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ili kupata kiwango cha saa, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, ambazo ni wiki za mwezi, kisha kwa saa 45. Kwa ufupi unagawanya kwa 195. Mwenye mshahara wa shilingi 390,000 analipwa 2,000 kwa saa, na saa yake ya ziada ni 3,000. Akifanya saa 18 za ziada anastahili 54,000.

Kiwanda kilikuwa kinalipa sawasawa, ila kwenye hati kiliandika "Posho nyingine: 54,000". Mama wa mstari wa kufungasha aliyeandika kwenye daftari lake saa 22 hana njia ya kujua kama amepunjwa saa 4 au kama kiwango chake ni kidogo kuliko anavyodhani. Akienda kuuliza anaambiwa mfumo ndivyo ulivyotoa. Mwezi wa tatu anaacha kuuliza na kuanza kuamini kwamba anaibiwa, na siku ya dodoso anaandika hivyo. Hati ikionyesha saa 18, kiwango 3,000 na jumla 54,000, ugomvi unakuwa wa saa 4 zilizo kwenye daftari la zamu, nao humalizika kwa dakika kumi mbele ya msimamizi. Vivyo hivyo kwa nyongeza ya kazi ya usiku, ambayo kisheria si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa: iwe na mstari wake.

Sasa tuuone waraka wenyewe, kama ulivyobandikwa.

KWA: Wafanyakazi wote
KUTOKA: Meneja Mkuu
TAREHE: 8 Julai
YAH: MAJIBU YA DODOSO LA JUNI NA MAMBO MATATU YATAKAYOBADILIKA

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi uliopita tuliwaomba mtuambie ukweli kuhusu kazi hapa. Watu 168 kati ya 240 walijibu. Asanteni. Zamu ya tatu walijibu wachache kwa sababu tuliweka sanduku mahali panapofungwa usiku. Dodoso lijalo litakuwa na sanduku getini.

Mlichosema. Watu 8 kati ya 10 wanasema vifaa vya kujikinga vinapatikana vinapohitajika. Karibu watu 2 kati ya 3 wanasema msimamizi wao anawasikiliza, ingawa idara zinatofautiana sana, na kila idara itapewa matokeo yake kwenye mkutano wake kabla ya tarehe 25 Julai. Kati ya wanaofanya kazi kwa zamu, chini ya watu 2 kati ya 10 wanaijua zamu yao mapema vya kutosha. Mtu 1 kati ya 4 anaelewa hesabu ya saa zake za ziada. Watu 41 waliandika kuhusu kukosa chakula usiku. Na watu 38 tu kati ya 168 wanaamini kwamba dodoso hili litafanyiwa kazi.

Tutakachobadilisha. Kwanza, kuanzia Alhamisi tarehe 17 Julai, kila Alhamisi saa 10 alasiri ratiba ya zamu itabandikwa getini na kantini. Itakuwa ya wiki inayoanza siku 11 baadaye. Ikishabandikwa, haitabadilishwa bila mhusika kupigiwa simu na kukubali. Anayewajibika ni Meneja Uzalishaji.

Pili, kuanzia mshahara wa Agosti, hati yako itaonyesha saa za ziada ulizofanya, kiwango cha saa na jumla yake, na nyongeza ya usiku kwenye mstari wake. Siku mbili baada ya mshahara, mhasibu wa mishahara atakaa kantini kuanzia saa 8 hadi saa 11 jioni kujibu maswali. Anayewajibika ni Mhasibu Mkuu.

Tatu, kuanzia Jumatatu tarehe 4 Agosti, kantini itafunguliwa saa 7 hadi saa 9 usiku kwa chai, uji, chapati na maharage, kwa bei ya mchana. Anayewajibika ni Afisa Utumishi.

Ambacho hatutafanya sasa. Wengi mmeandika kuhusu kiwango cha mshahara. Hilo haliamuliwi kwa waraka huu. Litajadiliwa na chama cha wafanyakazi kwenye mazungumzo ya mkataba wa hali bora yatakayoanza Oktoba. Basi la kuwarudisha nyumbani zamu ya pili hatutaliweka mwaka huu, kwa sababu gharama yake inazidi bajeti yote ya usafiri. Tutaliangalia tena tunapopanga bajeti mwezi Novemba, na uamuzi utabandikwa hapa, uwe ndiyo au hapana.

Tarehe 30 Septemba nitabandika karatasi nyingine kueleza lipi kati ya haya matatu limefanyika na lipi halijafanyika.

Ni waraka mfupi, na kila kilichoachwa kina sababu yake. Angalia kwanza ulivyoeleza kuhusu wasimamizi. Bohari walijibu 24, na ni 8 tu waliosema msimamizi wao anawasikiliza. Bohari ina msimamizi mmoja. Kuandika asilimia 33 ya bohari kwenye karatasi inayosomwa na madereva wa wateja getini ni kumvua nguo mtu mzima hadharani, na anayevuliwa nguo hatafuti kujirekebisha, hutafuta nani kamsema. Matokeo yale apewe yeye kwanza, faraghani, na mkuu wake. Kisha yasomwe kwenye mkutano wa bohari yenyewe, akiwepo, pamoja na jambo moja atakalobadilisha. Waraka wa wote unasema idara zinatofautiana na unataja tarehe ya mkutano, basi. Hivyo bohari wanajua kwamba hawakufichwa.

Pili, angalia ulivyosema hapana. Waandishi wengi wa nyaraka hukimbilia "suala hili linashughulikiwa", wakidhani wanalinda matumaini. Mfanyakazi hulipokea kama ahadi na kuanza kusubiri. Kuhusu mshahara kuna sababu ya ziada. Penye chama chenye wanachama walio wengi na kilichotambuliwa kuwa wakala wa majadiliano, kama TUICO ilivyo katika viwanda kadhaa, mwajiri anatakiwa kujadiliana nacho kwa nia njema. Akitangaza nyongeza, hata ndogo, kwenye karatasi ya ukutani, amekiruka chama, na Oktoba atakaa mezani na watu waliokasirika. Katibu wa tawi apewe waraka auone siku moja au mbili kabla haujabandikwa. Si kwa ajili ya kuomba ruhusa. Ni ili asiulizwe na wanachama wake jambo asilolijua.

Tatu, namba ile ya 38. Meneja wengi wangeifuta. Watu 38 kati ya 168 ni chini ya robo, na kuichapisha ni kukiri kwamba hawaaminiki. Lakini swali la namna hii ni la thamani kuliko mengine yote kwenye dodoso. Serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi tangu 2002 iliwauliza watumishi wake maoni kwa dodoso, iliweka kauli kama hiyo kwenye dodoso lake: ninaamini matokeo haya yatatumika kuifanya taasisi yangu mahali bora pa kazi. Idara inaweza kupata alama nzuri kwa vifaa na mafunzo na ikaanguka hapo. Aliyekata tamaa na dodoso hujibu maswali mengine ovyo, kwa hiyo namba hii inakuambia pia uyaamini kiasi gani majibu yaliyobaki.

Waraka hauishii ukutani. Zamu ya tatu wengi wao hupita getini gizani, na wapo wasiosoma maandishi marefu kwa urahisi. Usomwe kwa sauti kwenye makabidhiano ya zamu, zamu zote tatu, na msimamizi asome ulivyo bila kuongeza yake. Picha yake itafika kwenye makundi ya WhatsApp hata usipoituma, kwa hiyo usiandike kitu ambacho hutaki kisomwe na mwajiri wa jirani. Na usicheleweshe. Wiki moja baada ya sanduku kufungwa, bandika karatasi ndogo yenye idadi ya waliojibu na tarehe ya majibu kamili. Majibu yenyewe yasipite wiki nne. Baada ya miezi miwili watu wameshapata jibu lao wenyewe, kwamba hakuna jibu.

Mambo yataharibika njiani, hata palipo na nia njema. Katika mfano wetu ratiba ilibandikwa kwa wakati wiki tano mfululizo, kisha mashine ya kufungasha ikaharibika na wiki ya sita zamu zikapangwa upya usiku mmoja. Kantini ilifunguliwa tarehe iliyotajwa. Hati ya mshahara ilikwama: mtengenezaji wa programu ya mishahara alisema mistari mipya ingekuwa tayari Oktoba. Mhasibu Mkuu alilijua hilo tarehe 12 Agosti, na uamuzi wa maana ulikuwa wa siku hiyo. Angeweza kusubiri mshahara utoke, watu waone hati ileile ya zamani na kuhitimisha kwamba wamedanganywa. Badala yake kilibandikwa kikaratasi tarehe 14 Agosti kikisema hati mpya itachelewa hadi mshahara wa Oktoba, na kwamba kwa miezi miwili kila mtu atapewa na mhasibu kikaratasi cha pembeni chenye saa zake, kiwango na jumla, kilichoandikwa kwa mkono kama itabidi. Kuandika vikaratasi kwa watu 204 ni kazi ya kuchosha. Watu walivichukua, wakavilinganisha na madaftari yao, na siku ya kwanza ya mhasibu kukaa kantini walijitokeza 31. Makosa halisi yalikutwa 6, manne kati yake yakitoka kwenye daftari moja la zamu lililokuwa likijazwa mwisho wa wiki badala ya kila siku. Kosa hilo dodoso lisingeweza kulionyesha. Lilionekana kwa sababu watu walipewa hesabu wanayoweza kuikagua.

Karatasi ya tarehe 30 Septemba iliandikwa kwa kufuata mpangilio wa ile ya Julai, na ile ya Julai iliachwa pembeni yake ili kila mtu alinganishe mwenyewe. Ratiba: imefanyika, isipokuwa wiki moja, na sababu imeelezwa. Kantini: imefanyika. Hati ya mshahara: haijafanyika, kikaratasi kinaendelea, tarehe mpya ni mshahara wa Oktoba.

Dodoso la mwaka ujao liulize kauli zilezile kwa maneno yaleyale, hasa zile tatu zilizozaa ahadi na ile ya imani. Ukibadilisha "naijua zamu yangu mapema vya kutosha" ikawa "nimeridhika na mpangilio wa zamu", umepoteza kipimo chako, maana hujui tena kilichobadilika ni kiwanda au swali. Na zikirudi karatasi kama 168, usishangilie wala kuomboleza mabadiliko ya asilimia 2 au 3: hao ni watu watatu hadi watano, wanaoweza kuwa wamehama kazi au walikuwa likizo wiki ile. Waliojua zamu yao mapema wakitoka 25 hadi 80 kati ya wale wa zamu, hapo kuna jambo. Wakibaki 25 na ratiba inabandikwa kila Alhamisi, basi nenda getini saa 10 alasiri uangalie ni nani anayeisoma, kwa sababu huenda inabandikwa mahali ambapo zamu ya usiku hawapiti.